Mtoto wa kilo 10, panadoli siku tatu, leo anatapika: dozi inayofuata nimpe au niache?

Mama Kipepeo
Habari za asubuhi wapendwa, naandika haraka maana mtoto kalala kifuani. Ana miaka 2 kasoro mwezi, wiki mbili zilizopita alipimwa akawa kilo 10 kamili. Homa ilimwanza siku tatu zilizopita, nimekuwa nampa panadoli ya maji 5 ml kila baada ya masaa 6, na sijawahi kuzidisha hata mara moja, nina kidaftari naandika. Jana usiku homa ikashuka nikasema afadhali, ila alfajiri hii kaanza kutapika. Katapika mara tatu, hataki kunywa wala kula, kapauka, na analala lala tu ukimwamsha anafungua macho anarudi kulala. Sasa dozi ya saa 3 nimpe au nisubiri tumbo litulie? Na akiitapika, narudia?

Ua la Jangwa
Pole dada. Hiyo dawa usimpe tumbo likiwa tupu ndo maana anatapika, wangu nae ilimsumbua hivyo hivyo nikaambiwa ale kwanza hata kidogo, inachubua tumbo sana.

Mzee wa Hesabu
Ua la Jangwa hiyo unayosema wewe ni brufeni. Huyu anaongelea panadoli, vitu viwili tofauti.

Mama Kipepeo usiwe na wasiwasi, hesabu ni rahisi. 5 ml ya panadoli ya watoto ina miligramu 120. Mara nne kwa siku ni 480. Mtoto kilo 10 maana yake kila kilo moja imepata 48 kwa siku. Mwisho wa siku kwa mtoto ni 60 kwa kila kilo, hapo uko chini bado. Kutapika ni hicho kirusi chenyewe kilicholeta homa. Endelea na dozi, akitapika ndani ya nusu saa rudia mara moja, ikishapita nusu saa usirudie.

Zamu ya Usiku
Nimetoka zamu ya famasi sasa hivi, ningelala ila nimeiona hii. Mama Kipepeo dozi ya saa 3 USIMPE kwanza. Hesabu ya Mzee ni sahihi kama kweli kila 5 ml ina 120, na hilo hakuna aliyekuuliza. Naomba unijibu haya kabla ya kitu kingine:

Shika chupa usome mbele imeandikwa kila 5 ml ina miligramu ngapi. Ni chupa ile ile tangu siku ya kwanza au ilibadilika? Kuna dawa nyingine yoyote anayopewa, ya mafua, ya kikohozi, kidonge cha kuweka nyuma? Kuna mtu mwingine anampa dawa zaidi yako? Na ya mwisho kabisa alipata saa ngapi?

Mama Kipepeo
Ngoja nisome.

Chupa ya kwanza iliisha usiku wa siku ile ya kwanza, ganda lake bado lipo, limeandikwa 120. Hii ya pili... imeandikwa 250 kwa 5 ml. Mungu wangu. Rangi ni ile ile, hata harufu, mi nimeendelea na 5 ml zangu.

Kidonge cha nyuma baba yake anamwekea usiku akiwa amelala ili tusimwamshe, ni cha 125, kaweka usiku wa juzi na usiku wa jana. Dawa ya mafua ya maji aliletewa na dada yangu, nimeanza jana, 5 ml mara tatu. Nimegeuza nyuma kwenye maandishi madogo kuna parasetamoli 120 kwa 5 ml. Mi nilijua ni ya mafua tu.

Ya mwisho ni panadoli ya maji saa 3 usiku, af kile kidonge kama saa 5 usiku.

Zamu ya Usiku
Sawa, usijilaumu sasa hivi, tufanye hesabu pamoja na wakati huo huo mtu aanze kutafuta usafiri maana unaenda hospitali yenye maabara, sio ya kuandikiwa dawa na kurudi.

Siku ya kwanza: 120 mara nne, 480. Hiyo ni 48 kwa kilo, hapo ulikuwa sawa kabisa.

Siku ya pili: chupa mpya, 250 mara nne ni 1000, jumlisha kidonge cha baba 125, unapata 1125. Hiyo ni 112 kwa kilo, na mwisho wa siku kwa mtoto wako ni 600 yaani 60 kwa kilo. Umekaribia mara mbili bila kuongeza hata tone kwenye kijiko.

Siku ya tatu: 1000 ya chupa, 125 ya kidonge, na dawa ya mafua 120 mara tatu ambayo ni 360. Jumla 1485, karibu 149 kwa kilo.

Kwa hiyo nenda sasa. Beba chupa zote tatu na ganda la kile kidonge na hicho kidaftari chako, kidaftari ni dhahabu leo. Ukifika usiseme "anatapika", sema "amezidishiwa parasetamoli kwa siku mbili, ana kilo 10, jumla ni hizi, ya mwisho ilikuwa saa 5 usiku, na sasa anatapika". Usimtapishe, usimpe maziwa kama dawa, usimpe panadoli tena hata homa ikirudi njiani, mvue nguo nzito basi. Maji kidogo kidogo kwa kijiko kama anapokea.

Mama Kipepeo
Tunatoka. Baba yake analia kuliko mimi.

Mzee wa Hesabu
Nimekosea kwenye chupa, nakubali, nilidhani zote ni 120. Lakini Zamu si unamtisha bure? Nijuavyo sumu inaanzia 150 kwa kilo. Huyu hata siku mbaya kabisa kafika 148 na nusu, yuko chini ya mstari.

Zamu ya Usiku
Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza Mzee, hata wenzangu wa kazini. Hiyo 150 ni ya mtu aliyemeza KWA MKUPUO, mara moja, ikaisha. Na hata huko sehemu nyingine kwa watoto wadogo waliokunywa mara moja wanaenda hadi 200. Mtoto aliyelishwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa ana mstari wake, na mstari huo unashuka kadiri siku zinavyoongezeka. Ndani ya siku moja ni 200 kwa kilo. Zikiwa siku mbili mfululizo ni 150 kila siku. Zikifika siku tatu ni 100 kila siku.

Sasa chukua huyu mtoto. Siku mbili za mwisho ni 1125 na 1485, jumla 2610, ukigawa unapata kama 130 kwa kilo kwa siku, hajavuka ule mstari wa siku mbili. Lakini siku tatu, weka na ile ya kwanza ya 480, jumla 3090, wastani 103 kwa kilo kwa siku. Kavuka wa siku tatu. Yaani unaweza ukawa chini ya mstari kwa hesabu moja na juu yake kwa hesabu nyingine, mtoto yule yule.

Na nchi nyingine hazisubiri hata huko, mtoto akishapita 75 kwa kilo kwa siku moja wanataka aonekane hospitali na apimwe damu. Halafu hiyo mistari yote ni ya mtoto asiye na dalili. Huyu anatapika, kapauka, kalegea. Akishakuwa na dalili huangalii mstari tena.

Kijana Mtulivu
Swali la mtu asiyejua, kwanini kidogo kidogo iwe mbaya kuliko mkupuo? Si mwili unapata muda wa kuitoa?

Zamu ya Usiku
Ungedhani hivyo. Iko hivi, sehemu kubwa ya parasetamoli ini linaifunga vizuri inatoka kwenye mkojo. Sehemu ndogo inageuka kuwa sumu, hata kwa dozi ya kawaida, hata wewe ukinywa viwili vya kichwa. Ini lina akiba ya kitu kinaitwa glutathioni kinachoizima ile sumu papo hapo, hivyo hatujui hata kama ilikuwepo. Shida inakuja akiba inapoisha. Ikipungua sana ile sumu inaanza kushika seli za ini zenyewe.

Sasa akiba hiyo inajengwa kutokana na chakula. Mtoto mwenye homa siku tatu hali, anakunywa kwa kubembelezwa, pengine anaharisha. Kwa hiyo unamwaga mzigo mkubwa kila siku kwenye ghala ambalo halijazwi. Ndo maana dozi ambayo mtoto aliyeshiba angeibeba, huyu inamwangusha. Mtoto aliyechungulia kabati akanywa chupa mchana mmoja mara nyingi alikuwa mzima kabisa, alikula asubuhi, ghala limejaa.

Baba Pacha
Hiyo ya kabati ndo yangu. Mmoja wa mapacha wangu alikunywa chupa nusu, tukakimbia, wakasubiri zifike saa 4 tangu anywe ndo wakachukua damu kupima kiwango cha dawa, wakaweka kwenye grafu fulani, akawa chini ya mstari, tukarudi nyumbani jioni. Kwa hiyo Mama Kipepeo awaambie wapime kiwango, kikiwa kidogo arudi akapumzike, asikubali kulazwa bure.

Zamu ya Usiku
Baba Pacha nashukuru ulikimbia, na kwa mtoto wako walifanya sawasawa. Ila kwa huyu hiyo grafu haifai kabisa, naomba hilo lieleweke. Grafu ile ilitengenezwa kwa mtu aliyemeza mara moja na saa inajulikana. Huyu kameza mara kama kumi na saba kwa siku tatu, saa ya kuanzia kuhesabu ni ipi?

Kubwa zaidi, kiwango cha dawa kwenye damu kinaweza kuwa kidogo au hakipo kabisa, wakati ini limeshaumia. Dawa imeondoka, madhara yamebaki. Kwa hiyo kiwango kidogo peke yake hakimrudishi huyu nyumbani. Wanatakiwa waangalie vitu viwili pamoja, kiwango cha dawa na vimeng'enya vya ini, kile cha ALT hasa. Kama dawa bado ipo, au ALT imepanda, dripu ya kuzuia sumu inaanza. Kama vyote viwili ni shwari na mtoto mchangamfu, hapo sawa arudi.

Nesi Mstaafu
Nimekaa wodi ya watoto miaka mingi. Nakubaliana na Zamu isipokuwa naongeza kwamba hiyo dripu inatakiwa ndani ya masaa 8, ikishapita hapo haina kazi tena, kwa hiyo wasicheleweshe.

Na niseme kuhusu dalili kwa sababu nimeona wengi wanasubiri macho ya njano. Njano inakuja kama siku ya tatu au ya nne, hapo ini limeshaharibika vya kutosha. Siku ya kwanza mtoto anaweza asiwe na kitu kabisa. Au anakuwa na vitu vya kawaida kawaida tu, anakataa kula, kichefuchefu, anatapika, anatoka jasho, anapauka, analegea. Ukiangalia unasema ni mafua.

Kitu kinachodanganya zaidi ni siku ya pili. Mara nyingi kutapika kunakata, mtoto anaanza kucheza kidogo, mama anasema kapona anaomba ruhusa. Na siku hiyo hiyo ndo vipimo vya ini vinapanda. Anaweza kuanza kuumwa upande wa kulia chini ya mbavu, sasa mtoto wa miaka 2 hawezi kukuambia mbavu. Utamwona anajikunja ukimnyanyua kwa kumshika kwapani, au anasukuma mkono wako ukimgusa tumbo juu. Mi niliwahi kumjua mmoja kwa namna alivyokataa kufungwa nepi.

Kijana Mtulivu
Sasa mzazi anatofautishaje? Maana homa yenyewe inatapisha, inalegeza, inakatisha hamu ya kula. Dalili ni zile zile.

Zamu ya Usiku
Kwa macho hautofautishi, huo ndo ukweli mbaya. Kuna kitu kimoja tu huwa kinaninyanyua kwenye kiti, nacho kipo kwenye bandiko la kwanza: homa imeshuka, ugonjwa ulikuwa unaelekea kuisha, halafu mtoto anaanza kutapika na kulegea UPYA. Kirusi kikiondoka mtoto anadai chakula. Mtoto anayezidi kuzama wakati homa inashuka, na alikuwa anapewa panadoli siku mbili tatu, mimi nauliza chupa kabla sijauliza kitu kingine. Sio uthibitisho, kuna virusi vya tumbo vinakuja mwishoni pia. Ila kupiga hesabu ya chupa ni dakika tano.

Nesi Mstaafu hapo kwenye masaa 8 tuelewane kidogo. Kwa aliyemeza mara moja, dripu ikianza ndani ya masaa 8 inamlinda karibu kabisa, hiyo ni kweli. Ila baada ya masaa 8 haijafa, inazidi kupungua nguvu tu, na hata ini likiwa limeshaanza kuumia bado inasaidia na inaendelea kutolewa. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanasikia masaa 8 wanasema basi tumechelewa, wanakaa nyumbani. Dada yetu hapa ana masaa zaidi ya 9 tangu dozi ya mwisho na masaa kama 48 tangu aanze kuzidisha, akisoma hiyo anakata tamaa njiani.

Nesi Mstaafu
Sawa nimekuelewa, ni kweli tulikuwa tunaitoa hata kwa waliokuja siku ya tatu. Nilimaanisha wakimbie tu.

Ua la Jangwa
Samahanini nilichanganya dawa mwanzoni. Ila nauliza, kwa hiyo nikibadilisha panadoli na brufeni kwa zamu ndo salama?

Mzee wa Hesabu
Fungua uzi wako dada, tusimpoteze huyu.

Zamu ya Usiku
Nijibu tu kwa kifupi, dawa mbili kwa zamu ni ratiba mbili za kukumbuka badala ya moja, usiku wa manane mkiwa wawili mmechoka mnakosea kirahisi zaidi. Na brufeni kwa mtoto anayetapika na aliyekauka maji mi siipendi, figo.

Mama Kipepeo
Nimerudi kwenye simu, ni saa 12 jioni. Tumelazwa. Mapokezi walitaka kutuandikia dawa ya kutapika turudi, nikawatolea kidaftari na chupa nikasema kama Zamu alivyonifundisha, daktari wa kike akaja akazisoma zote mwenyewe akapiga hesabu kwenye mkono wake kwa peni, akapata 3090 kama nyie.

Kiwango cha dawa kwenye damu kilikuwa kidogo sana, akasema karibu hakuna. Nilifurahi mpaka nikakumbuka mliyoandika hapa nikauliza ALT. ALT ni 412. Kasema ya kawaida ni kama 40 kushuka. INR, kile kipimo cha damu kuganda, ni 1.4. Sukari ilikuwa chini wakampa ya mshipani hapo hapo, nadhani ndo maana alikuwa analala lala. Dripu ya asetilisisteini imeanza saa 6 mchana. Alivimba vipele na kuwa mwekundu shingoni ilipoanza, wakaisimamisha kidogo wakampa dawa wakaendelea taratibu.

Zamu ya Usiku
Huyo daktari mpe heshima yake. Vipele ni kawaida kwa hiyo dripu mwanzoni inapoenda haraka, inapunguzwa mwendo inaendelea, mara chache sana inaachwa. Sukari kushuka ni jambo ambalo nilitakiwa kulisema asubuhi, ini likiyumba ndo linaloshikilia sukari, na huyu alikuwa hajala. Kesho watapima ALT tena, usishtuke ikiwa juu zaidi ya leo, mara nyingi inapanda siku ya pili na ya tatu kabla haijashuka. Kinachoangaliwa kwa wasiwasi zaidi ni INR, maana hiyo ndo inasema ini bado linafanya kazi yake au limeacha.

Baba Pacha
Kumbe angenisikiliza mimi angerudi nyumbani na kiwango kidogo. Nimekaa chini.

Mama Kipepeo
Siku ya pili: ALT 1,130, INR 1.6. Nimelia ila niliambiwa hapa kabla. Anacheza na mrija wa dripu, ukimwona utasema hana kitu.

Mama Kipepeo
Siku ya tatu: ALT 870, INR 1.3. Kala ndizi nusu.

Mama Kipepeo
Siku ya tano, INR imerudi 1.1, ALT 260 inashuka, wametoa dripu, kesho tunatoka. Nimemuuliza daktari kwa hiyo ni mimi nilimuumiza au ni ule ugonjwa? Kasema hawezi kuapa, virusi vingine vinapandisha ALT vyenyewe, pengine vyote viwili vilikutana. Zamu wewe unaonaje?

Zamu ya Usiku
Nakubaliana nae, hakuna kipimo cha kawaida kitakachokutenganishia. Kirusi peke yake kinaweza kupandisha ALT, ila mara nyingi sio kwa mtindo huu wa kupanda siku ya pili na kuanguka haraka mara dripu ikishika. Mi naegemea dawa. Lakini sina jibu la kuapa pia.

Mama Kipepeo
Sasa homa nyingine ikija mwezi ujao nifanyeje, maana naogopa hata kushika chupa. Mama mkwe anasema tusimpe tena maishani.

Zamu ya Usiku
Mweleze mama taratibu kwamba ini la mtoto likipona linapona, parasetamoli haijakuwa sumu kwake milele. Ila wiki hizi za kwanza muulize daktari wako kabla ya tone lolote.

Baadae, kwa kilo 10, dozi moja ni miligramu 100 mpaka 150, isizidi nne ndani ya masaa 24, kati ya dozi na dozi masaa 4 kushuka hapana, na 6 ni bora. Sasa igeuze kuwa ml kwa chupa uliyoshika. Ile ya 120 kwa 5 ml, 150 ni kama 6 ml. Ile ya 250, 150 ni 3 ml TU. Andika hiyo ml kwa peni kubwa kwenye chupa yenyewe siku unayoileta nyumbani, mtoto akiwa mzima na wewe ukiwa na akili timamu, sio saa 8 usiku. Na tumia lile bomba la kupimia, kijiko cha chai hakina ml zinazojulikana, kila nyumba kina chake. Kidonge cha nyuma ni dozi, kinahesabiwa kwenye zile nne. Dawa ya mafua ikiwa na parasetamoli ndani nayo ni dozi, na kwa umri huu hata hiyo ya mafua simpi.

Kidaftari endelea nacho, ila kiwe kimoja, kikae na chupa, na baba nae aandike humo humo.

Mzee wa Hesabu
Bado lile la 60 na 75 linanisumbua. Chupa ya kwangu hapa inaruhusu dozi tano kwa siku, ukizidisha kwa 15 unapata 75 kwa kilo. Nyingine inasema nne, unapata 60. Wote hawawezi kuwa sahihi.

Zamu ya Usiku
Wote wako sahihi kwenye nchi zao Mzee, wengine wanaruhusu tano wengine nne, na wote wanakata kwenye gramu 4 kwa siku hata kijana awe na kilo 80. Ukiuliza kwanini hawakubaliani, mi sijawahi kupata jibu la kuniridhisha. Mtoto mzima anayekula, homa ya siku moja, ile ya tano haitamfanya kitu. Asiyekula siku ya tatu mimi simfikishi hata 60. Na mtoto mnene usimpigie kwa kilo zote za mzani, mafuta hayafanyi kazi ya ini. Wa chini ya miezi mitatu usimpigie hesabu nyumbani kabisa, homa ya umri huo inaenda hospitali yenyewe.

Kijana Mtulivu
Kwahiyo kama nimegundua leo kwamba jana nilizidisha siku moja tu, tuseme 80 kwa kilo, na mtoto anaruka ruka?

Zamu ya Usiku
Acha dawa, piga simu kituo cha sumu au mwone daktari siku hiyo hiyo na hesabu yako mkononi. Wengi watakuambia mwangalie tu. Wengine watataka damu. Sio kazi yangu kuamua hilo kwa simu na wala sio yako.

Baba Pacha
Nimeamka sasa hivi usiku huu kwenda kuangalia kabati. Tuna chupa mbili, zote nyekundu, zote zina picha ya mtoto anacheka. Moja 120, nyingine 250. Na bomba lenye alama ya 5 ml ambalo mama yao alilichora mstari kwa kalamu kwamba "hapa ndo mwisho" lilikuwa limefungwa kwa mpira kwenye ile ya 250.